Tairi Kuukuu: Mali Inayotupwa Kabla ya Wakati Wake

Msafiri aendaye kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwendo wa kilometa zaidi ya 900, huona matairi makuukuu karibu kila penye makazi ya watu. Mengine yamefukiwa nusu ardhini kuwa ukingo wa bustani, mengine yamening'inizwa mbele ya kibanda cha fundi pancha kama kibao cha biashara yake, na mengine, ambayo ndiyo mengi zaidi, yamelundikwa nyuma ya gereji bila kazi yoyote. Malundo hayo huchukuliwa na wengi kuwa ni takataka ambazo hazijapata mtu wa kuzizoa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya malundo hayo ni mali ambayo haijamaliza kazi yake. Swali linalostahili kuulizwa si namna ya kuyaondoa matairi hayo tu, bali ni kwa nini yalifika pale mapema kiasi hicho.

Kwanza haina budi kueleweka kwa nini tairi halipotei lenyewe. Mpira mbichi, utokao katika utomvu wa mti wa mpira, una molekuli ndefu sana zilizo kama nyuzi zilizovurugana. Nyuzi hizo hazikufungwa pamoja, kwa hiyo mpira huo hulainika na kunata wakati wa joto, na hukauka na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika tabia kabisa. Atomi za salfa hujenga madaraja baina ya uzi na uzi, na mpira wote ukawa wavu mmoja. Tangu hapo hauyeyuki tena. Ndoo ya plastiki iliyovunjika yaweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya, lakini tairi likipashwa moto halirudi kuwa mpira mbichi, kama vile mkate usivyoweza kurudi kuwa unga. Linaungua tu. Katika mpira huo viwanda huongeza masizi ya kaboni, ambayo huupa nguvu na kuukinga na miale ya jua, pamoja na kemikali za kuzuia hewa isiuchakaze. Kwa kifupi, kila kilichotiwa ndani ya tairi kilitiwa ili lisioze, na kwa kweli halioze.

Jambo la pili ni umbo lake. Tairi ni pete tupu. Lori lililojazwa matairi hadi juu limebeba hewa zaidi kuliko mpira, na gharama ya kuyasafirisha hadi kiwandani yaweza kuzidi thamani ya kile kitakachopatikana. Pete hiyo hukinga maji ya mvua namna yoyote utakavyoilaza, na maji hayo, yaliyo kivulini na yenye joto, ni nyumba inayopendwa sana na mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengi. Mji wa Dar es Salaam ulipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu wa jamii hiyo huvumilia ukavu kwa miezi kadhaa yakiwa yamegandamana na ukuta wa ndani wa tairi. Ndiyo maana nduguye, Aedes albopictus, alionekana mjini Houston, Marekani, mwaka 1985, na wataalamu wakaona kwamba alisafiri kutoka Asia ndani ya matairi yaliyokwisha kutumika.

Jambo la tatu halisemwi mara nyingi, nalo ndilo linaloeleza kwa nini malundo ya leo ni makubwa kuliko ya zamani. Matairi ya miaka iliyopita yalijengwa kwa tabaka za nyuzi za nailoni zilizopishana. Fundi wa viatu aliweza kuyachana kwa kisu kikali kilichochovywa majini, akatengeneza soli na kanda za katambuga, ambazo wenzetu wa Kenya huziita akala, na mabaki akayafanya kamba za kufungia mizigo na vitanda. Tairi halikubaki hata kipande. Matairi ya leo ya malori, na hata ya magari madogo, yana mishipi ya waya za chuma chini ya uso wake, na yale ya malori yana waya hizo mpaka ubavuni. Kisu cha fundi hakipiti hapo, na waya uliokatwa hutokeza ncha zinazochoma mguu wa mvaaji. Ufundi haukupungua. Tairi ndilo lililobadilika, na fundi aliyekuwa akilimaliza akaachwa nje.

Baada ya hayo, mwanafunzi na afanye hesabu moja ndogo. Tairi la lori la kipimo cha 295/80R22.5, ambacho ni cha kawaida katika malori makubwa, lina kipenyo cha mita 1.04 hivi, na kwa hiyo mzingo wake ni mita 3.28. Uso unaogusa barabara una upana wa sentimeta 23 kwa makadirio. Mifereji yake, likiwa jipya, ina kina cha milimeta 15 hivi, na tuseme linaondolewa barabarani mifereji ikiwa imebaki milimeta 3. Kilicholika basi ni unene wa milimeta 12. Ukizidisha vipimo hivyo vitatu utapata lita 9. Lakini uso wa tairi si mpira mtupu. Karibu robo yake ni mifereji. Kwa hiyo mpira uliolika ni lita 6.8, na kwa kuwa kila lita ya mpira wa tairi ina uzito wa kilo 1.15 hivi, jumla yake ni karibu kilo 8.

Tairi hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na uzito wa kilo 57 hivi. Limepoteza kilo 8. Kilo 49 zilizosalia, zikiwa ni pamoja na waya zote za chuma, kuta zote za ubavuni na kingo nene zinazoshika rimu, yaani zile sehemu zilizogharimu ufundi na fedha nyingi kuliko zote, zingalipo. Lori lenye tela lina magurudumu 22. Likitupa seti moja ya matairi, limetupa zaidi ya tani moja ya mali ili kufidia upungufu wa kilo 176.

Hapo ndipo hoja ya kuvika tairi upya inaposimama. Kazi hiyo ni kuuondoa uso uliolika na kuubandika mpya juu ya mwili uleule. Ndege za abiria hutua kwa matairi yaliyovikwa upya, tena si mara moja bali mara kadhaa katika maisha ya mwili mmoja, kwa hiyo haifai kuidhania kazi hii kuwa ni ya kimaskini. Gharama yake kwa tairi la lori aghalabu ni nusu ya bei ya tairi jipya, au pungufu. Mpira mpya unaohitajika, pamoja na ule wa kufidia uliokwanguliwa, ni kilo 12 hivi badala ya kilo 57 za vitu vya kila aina.

Yafaa hatua zake zifuatwe kwa utaratibu, kwa maana ubora wote umo humo. Tairi hukaguliwa kwanza likiwa limetanuliwa mbele ya taa kali. Mkaguzi hupapasa ndani kwa mkono akitafuta uvimbe, mkunjo au tundu la msumari, na hugonga uso kwa nyundo ndogo: panaposhikana hutoa mlio mkavu, na palipoachana tabaka hutoa mlio mzito, kama wa debe lenye kitu ndani. Viwanda vyenye uwezo hutumia pia mwanga wa leza kuonyesha nyufa zisizoonekana kwa macho. Tairi likikataliwa hapa limekataliwa, na kiwanda kinachoona haya kukataa tairi la mteja hakifai kuaminiwa.

Likikubaliwa, hujazwa hewa na kuzungushwa mbele ya tupa ya mashine inayoukwangua uso wa zamani mpaka uwe na umbo lililosawazika na mparuzo mdogomdogo. Makosa mengi huanzia hapa. Tupa ikiwa butu au mwendo ukiwa wa haraka mno, mpira huungua. Moshi huonekana, na mahali palipopaswa kuwa na mparuzo huwa laini penye kung'aa. Mpira ulioungua haushiki, hata ukitiwa gundi nzuri namna gani. Baada ya hapo kila jeraha hufunguliwa kwa chombo chenye ncha mpaka kwenye mpira mzima. Ikionekana waya yenye kutu, kutu hiyo huondolewa yote, kwa sababu kutu iliyofunikwa huendelea kutambaa gizani.

Kisha hupulizwa gundi nyepesi na kutandazwa utando mwembamba wa mpira ambao bado ni mbichi. Utando huu ndio siri ya kazi nzima. Juu yake huzungushwa mkanda wa uso mpya, uliokwisha kupikwa na kuchongwa mifereji kiwandani, na tairi lote huvishwa mfuko wa mpira na kuingizwa katika tangi la joto na kanieneo, linalofanana kwa tabia na chungu cha presha cha jikoni. Kwa njia hii, iitwayo ya baridi ingawa si baridi hata kidogo, joto huwa nyuzi 100 sentigredi au zaidi kidogo, kwa muda wa saa tatu hadi nne. Katika njia nyingine uso wote huwekwa ukiwa mbichi na kupikwa ndani ya kalibu kwa nyuzi 150 hivi. Katika njia zote mbili linalotendeka ni lilelile aliloligundua Goodyear: salfa iliyomo katika mpira mbichi hujenga madaraja, safari hii kati ya mwili wa zamani na uso mpya. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa kwa gundi ya kibandani, na ndiyo maana vumbi, jasho la kiganja au tone la mafuta kutoka katika pampu ya hewa vyaweza kuiharibu. Palipo na uchafu daraja halijengeki.

Watu wengi hawayaamini matairi ya aina hii, na hofu yao haikutoka hewani. Vipande vya mpira vilivyotapakaa kandokando ya barabara huhesabiwa kuwa ni nyuso zilizobanduka. Lakini nchini Marekani, ambako vipande hivyo ni vingi vilevile, vilikusanywa na kupelekwa maabara, na taarifa iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba matairi yaliyovikwa upya na yale ambayo hayajapata kuvikwa yalikuwamo kwa uwiano unaokaribiana sana na matumizi yao barabarani. Visababishi vilivyoongoza vilikuwa vitu vilivyolichoma au kulikata tairi barabarani, na joto la kupita kiasi. Joto hilo mara nyingi huletwa na upungufu wa hewa au uzito uliozidi. Tairi lenye upepo mdogo hupinda sana kila linapozunguka, na kupinda huko hugeuka joto ndani ya mpira. Mzigo mzito ukiongezwa, na mteremko wa Kitonga ukiongezwa juu ya mzigo, mpira huanza kuachana na waya pasipo dereva kujua.

Upungufu wa hewa una ubaya mwingine wa siri. Waya za ubavuni zilizopindapinda hivyo huchoka na kukatika mmojammoja. Tairi laweza kuonekana zima, likafungwa, na linapojazwa hewa waya zilizobaki zikashindwa na kukatika kwa mfululizo, ubavu ukafunguka kama zipu kwa kishindo cha kuua mtu. Kwa hiyo tairi la lori lililokwenda likiwa limelegea halipaswi kujazwa hewa mbele ya uso wa fundi, bali ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame kando. Ni vibanda vingapi vya pancha vyenye kizimba hicho? Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wakahesabu katika mji wao.

Adui mkubwa wa kazi ya kuvika upya, hata hivyo, ni mazoea mawili ya barabarani. La kwanza ni kulitumia tairi mpaka liwe kipara na waya zionekane. Mwenye gari hudhani amebana matumizi, kumbe kwa ajili ya milimeta 3 za mwisho ameuangamiza mwili wenye kilo 49. Maji yakishafika kwenye waya, hakuna kiwanda cha maana kitakachoupokea. La pili ni kuchonga mifereji ya bandia kwa kisu cha moto katika tairi lililokwisha. Yako matairi machache ya malori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa ajili hiyo, na hayo huandikwa ubavuni. Lakini kumchongea abiria mifereji katika tairi ambalo halikukusudiwa ni kumdanganya, kwani mpira unaoondolewa ndio uliokuwa ukizifunika waya. Tairi la namna hiyo lina hatari kuliko kipara kinachojulikana kuwa ni kipara.

Haina maana kwamba kila tairi livikwe na kufungwa popote. Sheria ya Marekani inakataza matairi yaliyovikwa upya yasiwekwe katika magurudumu ya mbele ya basi, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa gurudumu la usukani likipasuka dereva hana msaada wa gurudumu la pili kando yake. Tuchukue basi lile lori la matairi 22. Mawili ya mbele yabaki mapya siku zote. Katika 20 yaliyosalia tuseme, kwa mfano tu, mkaguzi mkali amekataa 6 na kukubali 14. Hata hivyo mwenye lori ameepuka kununua matairi 14, na kilo 686 za miili zimerudi barabarani badala ya kwenda lundoni. Kwa nchi ambazo sasa hununua matairi yake ng'ambo, hesabu hiyo ni ya fedha za kigeni. Kiwanda cha Arusha kilisimamisha kazi mwaka 2009, na cha Nairobi kikafunga utengenezaji wake mwaka 2016.

Njia nyinginezo zina nafasi yake, ila zije baada ya mwili kufa kweli. Tairi laweza kusagwa kuwa punje, chuma kikatolewa kwa sumaku, na punje zikawa mikeka, sakafu za viwanja au kiungo cha lami, kama alivyofanya mhandisi Charles McDonald mjini Phoenix, Marekani, katika miaka ya 1960. Kiunzi cha kazi hiyo ni mashine zenye visu vinavyokwishwa upesi na waya zilezile zilizomshinda fundi wa katambuga, kwa hiyo haina faida pasipo matairi mengi na umeme wa uhakika. Laweza pia kuokwa ndani ya tangi lisilo na oksijeni, kwa nyuzi kati ya 400 na 600, likatoa mafuta mazito, masizi, gesi na chuma. Njia hii husifiwa mno. Mafuta yake yana salfa na harufu kali, masizi yake ni duni kuliko yale yaliyotiwa kiwandani, na tangi linalovuja, likichochewa na mtu asiye na vipimo, ni jiko la sumu na hatari ya mlipuko. Tanuri la saruji ni salama zaidi kama lina usimamizi mzuri, kwani joto lake kubwa humaliza mpira kabisa, na hata chuma cha tairi huingia katika saruji, ambayo huhitaji madini hayo. Lakini kuutia katika tanuri mwili ambao ungeweza kubeba mzigo tena ni sawa na kuchoma mlango mzima ili kuchemshia chai.

Kuyatupa mbali na macho nako kumekwisha kujaribiwa. Mwaka 1972 matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa katika pwani ya Florida yawe makazi ya samaki. Kamba zilizoyafunga zikakatika, mawimbi yakayasukuma juu ya matumbawe hai, na tangu mwaka 2007 wapiga mbizi wa jeshi walitumwa kuyatoa. Huko Hagersville, Kanada, lundo la matairi zaidi ya milioni 10 liliwaka moto mwezi Februari 1990 na kuungua siku 17. Maji hayauzimi kwa urahisi moto wa namna hiyo, kwani kila pete huficha hewa ya kuuchochea.

Jambo linalopaswa kudaiwa kwa mamlaka si kiwanda kikubwa cha kuchoma. Ni kipimo cha kina cha mifereji mkononi mwa kila mkaguzi wa magari, kizimba cha chuma katika kila kibanda kinachojaza upepo matairi ya malori, na sharti kwamba kila tairi lililovikwa upya lichomwe ubavuni jina la kiwanda, tarehe, na idadi ya mara lilizovikwa, ili likibanduka ijulikane ni nani wa kuulizwa. Kipimo hicho cha kina hata mwanafunzi anacho: rula yake ya shule, ikisimamishwa ndani ya mfereji, yatosha kumwonyesha mwenye daladala kama milimeta zake 3 zimefika.